Namba ya bahasha nayo ni jina: orodha ya washarika, sauti zao na mpango wa kuzilinda

*"Shikamoo Profesa. Nafanya utafiti wa uzamili kuhusu washarika wa Kilutheri wanaokwenda kwa siri kwenye maombezi ya makanisa ya kiroho. Mchungaji amenipa orodha ya washarika 412 kwenye Excel, na nimerekodi mahojiano 31 kwa simu yangu. Kwenye orodha nimefuta majina, nimebakiza namba ya bahasha ili nisichanganye watu. Sauti ziko kwenye simu na Google Drive. Kamati ya maadili inataka mpango wa taarifa. Hivi nilivyofanya inatosha? Na mchungaji anaomba asikilize baadhi ya mahojiano. Nimjibuje?"*

Marahaba, mwanangu. Haitoshi, ila yote uliyoyafanya yanarekebishika. Nianze na hiyo namba ya bahasha ya sadaka, kwa sababu ndiyo inayonitia hofu kuliko mengine yote. Karani anayo kwenye daftari lake, mhazini anaijua, na wazee wa kanisa wanaohesabu sadaka Jumapili mchana wanaiona kila wiki. Zipo sharika ambako ahadi hubandikwa ubaoni kwa namba hizo hizo. Kwa mtu aliye mbali, asiyelijua kanisa lile, namba 217 haimwambii lolote. Mzee wa kanisa akiiona, hahitaji hata kuuliza.

Hapo ndipo watafiti wengi wa dini tunapokosea. Tunamfikiria mwizi wa mtandaoni asiyetujua, tunaweka nywila, tunalala. Mwizi huyo hana haja na mama aliyekwenda kuombewa Jumatano usiku. Wanaoweza kumuumiza ni jirani yake wa jumuiya, mama mkwe wake, mwinjilisti wa mtaa, na kamati itakayompangia zamu au kumnyima. Hao wana kitu ambacho hakimo kwenye faili lako, nacho ni kumjua. Kwa hiyo kila unapojiuliza kama taarifa imefichika, muweke mzee wa jumuiya mbele ya karatasi yako, uone kama atatabasamu.

Ukibadilisha jina kuwa namba na jedwali la kurudisha namba kwenye jina likawa bado lipo, hujamficha mtu. Umemvisha barakoa tu, na barakoa huvuliwa. Hilo linaruhusiwa na mara nyingi ni la lazima wakati utafiti unaendelea, ila kwenye mpango wako usiandike kwamba taarifa "hazitambuliki". Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaiweka imani ya dini kwenye kundi la taarifa nyeti, na msingi wake kwa taarifa za namna hiyo ni ridhaa ya maandishi. Maadamu jedwali lipo, au sauti ipo, bado umeshika taarifa nyeti za mtu anayetambulika.

Sasa twende kwenye orodha yenyewe. Umefuta majina, lakini ukitazama safu zilizobaki nadhani utakuta jumuiya, jinsia, mwaka wa kuzaliwa, hali ya ndoa, kazi, simu, pengine na tarehe ya kipaimara. Tuseme usharika una jumuiya 11. Washarika 412 ukiwagawa kwa jumuiya, kila moja inapata kama 37. Wagawe kwa jinsia, wanabaki kama 19. Hadi hapo mtu bado yuko kwenye kundi. Ongeza mwaka wa kuzaliwa, kuanzia wenye miaka 18 hadi 85, umeshatengeneza vyumba 1,496 kwa watu 412. Vyumba ni vingi kuliko watu, kwa hiyo wengi wamekaa kila mmoja chumba chake peke yake. Safu tatu tu, bila jina lolote, zimetosha kumtaja. Ukiongeza "mjane, mwalimu mstaafu" unakuwa umemchora na picha.

Dawa yake ni kupanua vyumba. Badala ya jumuiya 11 weka kanda 3, mfano za juu, kati na barabarani. Badala ya mwaka wa kuzaliwa weka marika matatu: 18 hadi 34, 35 hadi 54, na 55 kwenda juu. Jinsia ibaki. Sasa una vyumba 18, na wastani ni watu kama 23 kwa chumba. Ila usiuamini wastani, kwa sababu anayeumia ni yule wa chumba kidogo kuliko vyote. Kama kanda iko safu A, jinsia B na rika C, andika hii kwenye safu D kisha uishushe hadi chini:

```
=COUNTIFS(A:A,A2,B:B,B2,C:C,C2)
```

Itakupa, kwa kila mstari, idadi ya watu wanaofanana naye. Panga safu hiyo kuanzia ndogo. Katika sharika za vijijini sitashangaa ukikuta vijana wa kiume wa kanda ya juu wako watatu tu, maana wengine wamekwenda mjini kutafuta. Hao watatu waunganishe na kanda jirani, au futa rika lao. Mimi sikubali chumba chenye watu chini ya watano, na kwa jambo lenye aibu kama hili lako ningependa wafike kumi.

Kuna jambo moja ambalo hesabu hiyo hailioni. Umekwenda nyumba kwa nyumba, na jumuiya nzima imekuona. Watoto walikuelekeza njia, mama fulani alikukaribisha chai, jirani akauliza mgeni ni nani. Kwa hiyo msomaji wa usharikani hachagui kati ya watu 412, anachagua kati ya 31 ambao anajua ulikaa nao. Watu 31 kwenye vyumba 18 hawafiki hata wawili kwa chumba. Ndiyo maana jedwali la orodha linaweza kubeba safu tatu, lakini nukuu kwenye tasnifu isibebe zaidi ya moja au mbili.

Nimewahi kulipia kosa hili, au niseme alilipia mwingine. Miaka ya nyuma niliandika ripoti ya utafiti kwenye usharika mmoja, nikanukuu maneno makali ya "mwanamke aliyewahi kushika fedha za kwaya". Jina sikuweka, mtaa sikuweka, umri sikuweka. Tulipokwenda kurudisha matokeo, nikasoma nukuu ile mbele ya watu, nikaona vichwa vitatu vya mbele vikigeuka kwa pamoja kuelekea benchi moja. Katika historia ya kwaya ile, mwanamke aliyeshika fedha alikuwa mmoja tu. Hakuniambia neno. Alikunja kanga yake, akatoka kabla ya sala ya kufunga, na nimeambiwa alikaa muda mrefu bila kuonekana ibadani. Cheo kimoja kilitosha.

Kutokana na siku ile sinukuu tena vyeo, na kuna kingine ambacho ningekuomba ukifanye. Usimwite mtu kwa namba moja, tuseme R07, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kwenye sura ya pili R07 amesema ana watoto sita, kwenye ya tatu amesema mumewe ni dereva, kwenye ya nne anaeleza usiku aliokwenda kuombewa. Kila kipande peke yake hakina hatari, msomaji makini akivishona anapata mtu mzima. Nukuu zenye siri ziache bila namba kabisa, kisha kwenye sura ya mbinu useme wazi kwamba umefanya hivyo na kwa nini. Utapoteza kiasi cha mtiririko wa maisha ya mtu mmoja, nalo ni pungufu la kweli kwa utafiti wa namna yako. Mimi ningelikubali.

Turudi kwenye namba za kutambulisha. Ya bahasha iondoke, na ya simu iondoke. Kuna ushauri unaozunguka kwamba namba ya simu uipitishe kwenye hesabu za kompyuta ili igeuke kuwa mlolongo wa herufi usiofanana nayo. Kwa simu zetu hilo halilindi. Namba ya Tanzania ina tarakimu tisa baada ya sifuri, na zile za mwanzo zinajulikana kwa mtandao. Kompyuta ya kawaida inaweza kupitisha namba zote zinazowezekana kwenye hesabu hiyo hiyo kwa muda mfupi sana, ikalinganisha majibu, ikakurudishia namba halisi. Mlango unaonekana umefungwa kumbe komeo halipo.

Badala yake toa namba mpya za bahati nasibu, zisizofuata alfabeti wala mpangilio wa jumuiya. Kwenye Excel ongeza safu moja yenye

```
=RAND()
```

uishushe hadi chini, panga orodha nzima kwa safu hiyo, kisha andika 1 hadi 412 kwa mkono wa kompyuta na uifute ile safu ya bahati nasibu. Jedwali linalounganisha namba mpya na majina ndilo ufunguo. Lihifadhi peke yake, mahali ambapo orodha iliyosafishwa na sauti hazipo.

Lakini kabla ya yote hayo, jiulize kama unahitaji orodha nzima. Washarika wale waliandika majina yao kwa karani ili watoto wao wabatizwe na wao wafunge ndoa. Hawakuyaandika kwa ajili ya tasnifu yako, na mchungaji hakuwauliza. Kama orodha ilikuwa ya kuchagulia watu wa kuhoji, kazi hiyo imeshakwisha kwa wale 31. Ningekushauri urudi ofisini, utengeneze na karani jedwali la idadi tu (kanda, jinsia, rika), uondoke na lile, na nakala yenye watu 412 uifute. Kitu ambacho huna hakiwezi kuibwa kwako, wala hakuna anayeweza kukuamuru ukitoe.

Sauti ni ngumu zaidi. Hakuna namna ya kuficha sauti ya mtu kwa wanaomjua na ikabaki na faida kwako. Wengine huishusha au kuipandisha kwa programu. Kwanza, mabadiliko ya namna hiyo mara nyingi yanaweza kurudishwa kinyume. Pili, mtu hujulikana kwa anavyosema kabla ya unene wa sauti yake: lafudhi ya kwao, "eti eee" yake, methali anayoirudia, jogoo wa jirani anayewika nyuma. Kwa hiyo chukulia kila faili la sauti kuwa jina kamili mpaka siku utakapolifuta. Kinachoweza kufichwa ni maandishi yake, hivyo haraka yako iwe kuyageuza mahojiano kuwa maandishi.

Unapoyaandika, majina yageuze kuwa nafasi: [mzee wa kanisa], [binti wa kwanza], [hospitali ya mkoa]. Usisahau watu wa tatu. Mama unayemhoji akikusimulia habari za mdogo wake, yeye amekupa ridhaa yake, mdogo mtu hajakupa. Na kama utamlipa mtu akuandikie, asitoke usharika huo wala usharika jirani, asaini ahadi ya kutunza siri, na afanyie kazi hiyo kwenye kompyuta yako. Kumtumia kwa WhatsApp ni kumwachia nakala ambayo hutaiona tena.

Faili lenyewe nalo lina maneno yake ya pembeni: tarehe, saa, aina ya simu, na simu nyingine huandika hata jina la mahali uliporekodia. Yaondoe kwa amri hii ya programu ya ffmpeg, ambayo haigusi ubora wa sauti:

```
ffmpeg -i R07.m4a -map_metadata -1 -c copy R07_safi.m4a
```

Kuhusu mahali pa kuweka, naomba usiifanye kuwa ngumu, kwa sababu mpango mgumu huachwa wiki ya pili. Pakua VeraCrypt, programu ya kufungia faili kwa nywila, ni ya bure. Tengeneza ndani yake kasha moja la gigabaiti 10 kwa ajili ya sauti na maandishi. Mahojiano 31 ya saa moja moja, kwa ubora wa kawaida wa simu, hayafiki gigabaiti 2, hivyo nafasi ipo. Kasha hilo ni faili moja kubwa ambalo bila nywila ni uchafu usiosomeka. Nakala moja iwe kwenye kompyuta, ya pili kwenye flashi inayokaa nyumba nyingine. Flashi nyingi za dukani zimeandaliwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili linalozidi gigabaiti 4, hata kama flashi iko tupu. Iandae upya kwa exFAT kwanza. Ufunguo wa majina uweke kwenye kasha la pili lenye nywila nyingine, kwenye flashi nyingine, usikae hata siku moja mfuko mmoja na sauti.

Nywila iwe maneno sita yasiyohusiana, uliyoyachagua kwa kufunua kamusi ovyo. Mstari wa Biblia usitumie, ndio wa kwanza kujaribiwa na anayekufahamu. Ukiipoteza, VeraCrypt haina wa kukusaidia, utafiti umekwenda. Iandike kwenye karatasi, itie bahasha, ifunge, isaini juu ya gundi, na umwombe msimamizi wako aifungie kabatini.

Google Drive yenyewe si adui. Google wanazisimba faili kwao, lakini yeyote anayeingia kwenye akaunti yako anazisikia kama wewe, na mara nyingi akaunti hiyo iko wazi kwenye simu ambayo mdogo wako anachezea. Tena seva zake ziko nje ya nchi, na sheria ina masharti ya kusafirisha taarifa nje, kwa hiyo afisa wa ulinzi wa taarifa wa chuo chako lazima ajue. Ukitaka kuitumia kama nakala ya tatu, ipandishe kasha lililofungwa, kamwe si sauti wazi.

Utaratibu wa kuhamisha uwe huu. Zima kwanza uhifadhi wa moja kwa moja wa simu. Hamisha sauti kwa waya, ziingize ndani ya kasha, fungua kila moja usikilize mwanzo, katikati na mwisho. Nimeona faili lililoonekana zima kumbe limekatika dakika ya 22. Nakala mbili zikishathibitika ndipo ufute kwenye Drive, na uende kwenye kapu lake la taka ulimwage pia, maana vilivyofutwa hukaa humo siku 30. Kwenye simu fanya vivyo hivyo. Kufuta kwenye kumbukumbu za simu na flashi hakuhakikishi kwamba sauti imeondoka kweli, kwa hiyo usiiuze wala kumgawia mtu simu hiyo kabla ya kuirejesha kama ilivyotoka kiwandani.

Fomu za ridhaa watu huzisahau. Zile karatasi 31 zenye majina na saini ni orodha kamili ya waliozungumza nawe. Zifungie kwenye kabati la idara, na usiandike juu yake namba ya mhojiwa, ukiandika umetengeneza ufunguo wa pili. Kama kwenye fomu uliahidi kwamba "hakuna atakayejua", badilisha kwa waliobaki na uwaeleze waliokwishasaini. Ahadi unayoweza kuitimiza ni kwamba hutawataja, utaondoa dalili za kuwatambua kadiri unavyoweza, na sauti zitafutwa kwa muda unaojulikana.

Muda huo uandike kwa tukio, ukiandika kwa hisia utaahirisha. Wape wahojiwa tarehe ya mwisho ya kujitoa, tuseme miezi mitatu baada ya mahojiano. Ikipita, teketeza ufunguo. Sauti zibaki hadi utakapotetea tasnifu na masahihisho kupokelewa, kwa kuwa mtahini anaweza kutaka kuhakiki nukuu, isipokuwa chuo chako kina muda wake uliowekwa. Yanayobaki baada ya hapo ni maandishi yaliyosafishwa.

Yapo mambo ambayo usiyaamue peke yako wala kwa kusoma jibu langu. Simu ikipotea na sauti zikiwa ndani, mwone msimamizi na afisa wa ulinzi wa taarifa siku hiyo hiyo. Mtu mwenye madaraka, wa kanisa au wa serikali, akidai faili, usimpe wala usimkatalie kwa ukali, mpeleke kwa chuo na umwone mwanasheria wake ana kwa ana. Na mhojiwa akisimulia mtoto anayeumizwa, kwenye maombezi au nyumbani, siri ina mpaka: Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii mwenye habari hizo aziripoti kwa mamlaka ya serikali ya mtaa. Mpaka huo mhojiwa anatakiwa ausikie kabla hujabonyeza kitufe cha kurekodi.

Kuhusu mchungaji, hapana, asisikilize hata moja, na hata ile "nzuri isiyo na siri". Akisikia ishirini ukamnyima kumi na moja, umeshamwambia ni akina nani wana la kuficha. Usimjibu kwa simu, mwendee ofisini na barua ya kamati ya maadili mkononi. Mshukuru kwa mlango aliokufungulia, mwambie umeifuta nakala yako ya orodha yake, kisha sema: "Baba Mchungaji, niliwaahidi washarika wako kwamba sauti zao sitamsikilizisha mtu yeyote nje ya utafiti. Nikiivunja ahadi hiyo kwako, hata wewe hutaniamini kesho. Nitakachokuletea ni muhtasari wa yale yanayorudiwa na wengi, na nitakuletea wewe kabla hakijasomwa mahali pengine." Kwenye muhtasari huo uweke tu jambo lililosemwa na watu watano au zaidi, tena kwa maneno yako, bila nukuu hata moja.